Mkataba Unaposema «Haraka Iwezekanavyo»: Namna ya Kugeuza Ahadi za Matengenezo Kuwa Wajibu Unaopimika katika Kitengo cha Kusafisha Damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi huja hospitalini mara tatu kwa wiki, na kila mara huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne hivi. Anapokosa kipindi kimoja, maji huendelea kujaa mwilini na madini ya potasiamu hupanda katika damu. Kupanda huko kwaweza kuvuruga mapigo ya moyo na hata kuusimamisha. Kwa sababu hiyo, mkataba wa matengenezo ya mitambo ya kitengo hiki ni karatasi inayogusa uhai wa watu moja kwa moja, ingawa hutunzwa katika ofisi ya ununuzi na wauguzi wengi hawajapata kuisoma.

Anayeisoma hukuta, mara nyingi, maneno ya namna hii: «Mtoa huduma atafanya kila jitihada kuhakikisha kuwa mitambo inafanya kazi vizuri wakati wote, na atashughulikia hitilafu yoyote haraka iwezekanavyo.» Ni sentensi yenye adabu, na hakuna anayeweza kuipinga. Taabu yake huonekana siku mtambo unaposimama. «Kila jitihada» hupimwa kwa kipimo gani? «Kufanya kazi vizuri» huamuliwa na nani? «Haraka» ni saa mbili au wiki mbili? Na ahadi ikivunjwa, hospitali hupata nini, na mgonjwa hupata nini? Makala hii yachukua kitengo kimoja cha mfano na kuonyesha jinsi kila neno katika sentensi ile linavyoweza kubadilishwa kuwa wajibu unaohesabika.

Kitengo cha mfano

Tuchukue kitengo chenye mashine 10 za kusafisha damu. Hufunguliwa siku sita kwa wiki, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, kwa zamu tatu za wagonjwa. Kundi moja huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kundi la pili huja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hivyo kitengo huhudumia wagonjwa 30 kwa siku na 60 kwa jumla. Katika mwezi wa siku 26 za kazi, kitengo huwa wazi kwa saa 416.

Mashine zote 10 hutegemea mtambo mmoja wa kuchuja maji. Wasomaji wengi huifikiria mashine iliyo kando ya kitanda, na kuusahau mtambo ulio katika chumba cha nyuma. Lakini katika kipindi kimoja cha saa nne, mashine inayopitisha mililita 500 za maji ya dawa kwa dakika hutumia lita 120. Maji hayo hutenganishwa na damu ya mgonjwa kwa utando mwembamba tu. Yakiwa na klorini au kloramini, chembe nyekundu za damu hupasuka. Yakiwa na sumu za bakteria, mgonjwa hupata homa na kutetemeka akiwa bado kitandani. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, maji yasiyosafishwa ipasavyo yaliyokuwa na sumu ya mwani yaliua wagonjwa zaidi ya 50 wa kituo kimoja cha kusafisha damu.

Basi kitengo hiki kina vitu vya aina mbili vinavyoweza kuharibika. Mashine moja ikiharibika, zamu moja hupungukiwa na kitanda kimoja. Mtambo wa maji ukiharibika, kitengo kizima hufungwa. Mkataba usiotofautisha mambo haya mawili umeanza vibaya.

Asilimia inayoficha

Wengi hudhani kuwa ahadi ikishawekewa asilimia imekuwa ahadi inayopimika. Mtoa huduma huandika: «Mitambo itapatikana kwa asilimia 95.» Namba hiyo yafurahisha kuisoma, kwa kuwa 95 ni alama ya juu katika mtihani. Lakini tuihesabu.

Asilimia 5 ya saa 416 ni saa 20 na dakika 48. Iwapo ahadi ni wastani wa mitambo yote kwa pamoja, basi kitengo chaweza kufungwa kabisa kwa siku nzima ya kazi na karibu saa tano za siku ya pili, kila mwezi, na mtoa huduma akawa bado ametimiza ahadi. Siku moja ya kufungwa ni vipindi 30 vilivyopotea. Asilimia ileile yaweza pia kumaanisha mashine moja kusimama kwa siku 13 huku tisa zikiendelea. Kwa mgonjwa, matukio haya mawili yako mbali kama mbingu na ardhi. Kwa mkataba, ni kitu kimoja.

Jambo la pili linalofichwa na asilimia ni kigawanyo chake. Saa za mwezi zikihesabiwa usiku na mchana, ni 720 kwa mwezi wa siku 30. Humo mna saa za usiku wa manane na za Jumapili, ambazo hakuna mgonjwa anayehudumiwa na mtambo hupewa sifa ya «kupatikana» bila kufanya lolote. Saa zinazostahili kuhesabiwa ni zile 416 za huduma.

La tatu ni kipindi cha kupimia. Hitilafu iliyofunga kitengo kwa siku moja na nusu hushusha sana hesabu ya mwezi, lakini ikigawanywa kwa mwaka mzima karibu hutoweka. Mgonjwa haishi kwa wastani wa mwaka. Huishi kutoka kipindi hadi kipindi. Kwa kitengo hiki, mwezi ndio mrefu kupita vyote unaokubalika.

Siku mbili za hitilafu, hatua kwa hatua

Tuone sasa tukio moja la mfano likipita katika mikataba miwili. Jumanne saa 1:40 asubuhi, pampu ya shinikizo ya mtambo wa maji yasimama. Wagonjwa 10 wa zamu ya kwanza wakatishwa kipindi. Saa 1:50 muuguzi wa zamu ampigia fundi. Fundi afika saa 5:30, aona kuwa pampu imeungua, na kuagiza nyingine. Pampu yawasili Jumatano saa 8 mchana. Yafungwa, mtambo wasafishwa kwa dawa na kusuuzwa, na saa 11 jioni maji yapimwa na kukubaliwa. Zamu ya tatu ya Jumatano yahudumiwa. Waliokosa huduma kabisa ni wagonjwa 20 wa Jumanne na 20 wa Jumatano, mbali na wale 10 waliokatishwa.

Katika mkataba wa «haraka iwezekanavyo», mtoa huduma hana deni. Fundi alifika siku ileile, na pampu ilifungwa saa ileile ilipowasili. Hata mkataba ungesema «majibu ndani ya saa nne», angekuwa ameutimiza, kwa kuwa fundi alifika baada ya saa 3 na dakika 40. Hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi: kufika kwa fundi na kurudi kwa huduma ni mambo mawili. Mkataba unaopima kufika pekee humlipa mtu kwa kuja kutazama.

Katika mkataba unaopimika, saa huanza kuhesabiwa pale taarifa inapopokelewa, yaani saa 1:50 Jumanne, na husimama pale maji yanapokubaliwa, yaani saa 11 jioni Jumatano. Ukihesabu saa za huduma tu, ni saa 14 na dakika 10 za Jumanne na saa 11 za Jumatano, jumla saa 25 na dakika 10. Gawanya kwa 416: mtambo ulisimama kwa asilimia 6 ya muda wa huduma, na upatikanaji ukawa takriban asilimia 94. Tukio hilohilo likihesabiwa kwa saa zote 720 za mwezi, upatikanaji huonekana kuwa zaidi ya asilimia 95. Likihesabiwa kwa saa za huduma za mwaka mzima, na pasiwe na hitilafu nyingine, huonekana kuwa asilimia 99.5. Pampu ni ileile, wagonjwa ni walewale 40, na majibu ni matatu. Ndiyo maana kanuni ya hesabu lazima iandikwe ndani ya mkataba, pamoja na mfano mmoja uliokokotolewa, ili pasiwe na mabishano siku ya malipo.

Saa huanza lini, na husimama lini

Mabishano mengi hayatokani na asilimia bali na ncha mbili za saa. Mtoa huduma atasema hakuarifiwa hadi mchana. Muuguzi atasema alipiga simu asubuhi kwa namba binafsi ya fundi, ambayo haikupokewa. Dawa yake ni njia moja tu ya kutoa taarifa, yenye kuacha alama: namba moja ya simu ya saa 24 na ujumbe wa maandishi unaotumwa papo hapo. Muda ulio kwenye ujumbe ndio mwanzo wa saa, hata kama hakuna aliyejibu.

Ncha ya mwisho ni ngumu zaidi. Fundi akishaona pampu inazunguka husema mtambo umepona. Kwa mgonjwa haujapona hadi maji yawe salama. Basi mkataba useme kuwa huduma imerejea pale tu mambo matatu yanapotimia: klorini yote kwa jumla haizidi miligramu 0.1 kwa lita, kipimo cha upitishaji umeme wa maji kimerudi katika kiwango cha kawaida cha mtambo huo, na muuguzi kiongozi au mhandisi wa vifaa tiba wa hospitali ametia saini. Vipimo hivi huchukua dakika chache, hivyo si kumwonea mtoa huduma.

Kipimo cha bakteria ni tofauti. Kuotesha bakteria maabara huchukua siku kadhaa, kwa hiyo hakiwezi kuwa mwisho wa saa ya hitilafu. Chenyewe kiwekewe wajibu wake. Viwango vya kimataifa hutaka maji ya kusafishia damu yawe na makundi ya bakteria yasiyofika 100 kwa mililita, na hutaka hatua zianze kuchukuliwa yanapofika 50. Mkataba waweza kusema: sampuli huchukuliwa kila mwezi, ikifika 50, mtoa huduma husafisha mtambo kwa dawa ndani ya saa 48, usiku au Jumapili, na sampuli mpya huchukuliwa kabla ya wiki kwisha. Ikifika 100, mtambo huhesabiwa kuwa umesimama, hata kama pampu inazunguka na taa zote ni za kijani.

Yasiyohesabiwa

Mkataba wa haki humkinga pia mtoa huduma. Umeme ukikatika na jenereta ya hospitali isiwake, au maji ya mji yakikosekana na matangi ya hospitali yakakauka, si kosa lake. Lakini orodha ya yasiyohesabiwa ikiachwa wazi humeza mkataba mzima. Maneno kama «sababu zilizo nje ya uwezo wa mtoa huduma» yaweza kubeba hata kuchelewa kwa kipuri ambacho alipaswa kukiweka akiba.

Njia iliyo salama ni kutaja sababu moja moja, na kumpa mzigo wa kuthibitisha yule anayedai msamaha. Matengenezo ya kinga yasihesabiwe kuwa hitilafu iwapo yamefanywa nje ya saa za huduma, au kwa taarifa ya siku saba, vinginevyo yahesabiwe. Kukosekana kwa kipuri kusiwe sababu kamwe kwa vipuri vilivyotajwa katika kiambatisho: pampu, tando za kuchujia, mkaa wa kuondolea klorini na vichujio vya awali. Hivyo viwe nchini, na ikiwezekana ndani ya hospitali. Katika tukio letu, pampu ya akiba iliyo stoo ingalipunguza saa 25 hadi saa chache tu.

Nafuu iliyo na meno

Wajibu usio na matokeo ukivunjwa ni ushauri tu. Nafuu ya kwanza ni makato katika malipo ya mwezi. Tuseme ada ni shilingi 4,000,000 kwa mwezi na ahadi ya mtambo wa maji ni asilimia 99, yaani kusimama kusikozidi saa 4 na dakika 10. Upatikanaji ukishuka chini ya 99 hadi 97, hukatwa asilimia 10 ya ada; chini ya 97 hadi 95, asilimia 20; chini ya 95, asilimia 30. Tukio letu la asilimia 94 lingekata shilingi 1,200,000. Makato yawe ya moja kwa moja katika ankara ya mwezi huo, pasipo hospitali kulazimika kuomba, kwa kuwa haki ya kuomba mara nyingi huishia kwenye faili.

Kiasi hicho kisiwekwe kwa hasira. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kiasi kilichotajwa katika mkataba kuwa malipo ya kuuvunja huwa ni ukomo wa juu. Mahakama hutoa fidia ya kadiri isiyozidi hapo. Kwa hiyo hospitali iandike jinsi ilivyokifikia: mapato ya vipindi vilivyopotea, malipo ya saa za ziada za wauguzi, gharama za kuwahamisha wagonjwa. Kiasi chenye hesabu nyuma yake hutetewa kwa urahisi. Kiasi cha kutisha huporomoka.

Hata hivyo, shilingi 1,200,000 hazisafishi damu ya mtu. Kwa kitengo kama hiki nafuu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza: nafuu ya vitendo. Kuna mitambo midogo ya kuchuja maji inayohudumia mashine moja moja. Mkataba waweza kumtaka mtoa huduma aweke miwili hospitalini wakati wote, ili wagonjwa walio katika hatari kubwa wahudumiwe mtambo mkuu unapolala. Mtambo usiporejea ndani ya saa nane za huduma, alipie usafiri na vipindi vya wagonjwa katika kitengo kingine kilichokubaliwa mapema. Kifungu hiki ndicho humfanya mtoa huduma aamke usiku, kwa maana gharama yake hukua kila saa inayopita.

Nafuu ya tatu ni haki ya kumwita fundi mwingine kwa gharama ya mtoa huduma muda huo ukishapita. Na ya nne ni kuvunja mkataba: ahadi ikivunjwa miezi mitatu katika sita yoyote, hospitali yaweza kujitoa bila kulipa fidia. Haki hizi mbili za mwisho huwa bure iwapo mtoa huduma ndiye pekee mwenye namba za siri za kuingia katika mtambo, vitabu vya matengenezo na kumbukumbu za vipuri. Mkataba utaje kuwa nakala za vyote hivyo hukaa hospitalini tangu siku ya kwanza.

Kifungu kikiisha kuandikwa upya

Baada ya yote hayo, sentensi ile ya mwanzo yaweza kusomeka hivi: «Mtambo wa maji utapatikana kwa asilimia 99 ya saa za huduma za kila mwezi, yaani Jumatatu hadi Jumamosi, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Muda wa kusimama huanza ujumbe wa taarifa unapotumwa na huisha maji yanapokubaliwa kwa vipimo na saini iliyotajwa katika Kiambatisho A. Fundi atafika ndani ya saa nne na huduma itarejea ndani ya saa nane za huduma. Ahadi ikivunjwa, makato na nafuu za Kiambatisho B zitatumika bila hospitali kulazimika kuomba.» Mashine za kando ya vitanda ziwe na kifungu chao, kwa mfano kwamba zisipungue tisa zinazofanya kazi mwanzoni mwa kila zamu.

Kuna anayeweza kushawishika kudai zaidi, kama asilimia 99.9. Katika saa 416, hiyo ni kusimama kwa dakika 25 tu kwa mwezi mzima. Hakuna fundi atakayefika kwa muda huo, sembuse kutengeneza. Mtoa huduma makini atakataa au ataongeza bei; asiye makini atatia saini akijua kuwa hakuna atakayehesabu. Anayetaka kiwango hicho kwa kweli anunue mtambo wa pili wa maji. Maneno ya mkataba hayauzai.

Daftari ndilo shahidi

Mkataba mzuri hufa mahali pasipo na kumbukumbu. Kila hitilafu iandikwe siku ileile katika daftari moja: muda wa taarifa, aliyetoa, muda wa fundi kufika, kilichoharibika, matokeo ya vipimo, muda wa kukubaliwa, na idadi ya vipindi vilivyopotea. Mwisho wa mwezi, mhandisi wa vifaa tiba, muuguzi kiongozi na mtoa huduma wakae pamoja na kusaini taarifa ya ukurasa mmoja, na ankara isilipwe bila taarifa hiyo.

Kuna njia rahisi ya kutambua kama taarifa ni ya kweli. Ilinganishwe na orodha ya wagonjwa walioahirishwa. Taarifa ikisema asilimia 100 ilhali orodha ya Jumanne ina majina 20, kuna saa ambazo hazikuandikwa popote.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Si kazi yake kusoma viambatisho, lakini ana haki ya kumwuliza muuguzi kiongozi maswali mawili: mtambo ukisimama leo nitahudumiwa wapi, na nani atalipa? Kitengo chenye mkataba uliopimwa kitajibu kwa kutaja mahali. Kipindi chake kikiahirishwa, apunguze vinywaji na vyakula vyenye potasiamu nyingi kama ndizi, machungwa na viazi, kwa kadiri alivyoelekezwa. Akiona mwili unakosa nguvu ghafla, moyo unapiga isivyo kawaida au pumzi inabana, aende kwenye huduma ya dharura mara moja bila kungoja simu ya kitengo.